Slaidi inasema 1.45, mzazi anauliza kuhusu mwanawe

Kazi yangu ni kuchukua slaidi za matokeo ambazo watafiti wameziandaa kwa ajili ya wenzao, na kuandika upya kilichomo kwa ajili ya watu waliotoa damu, majibu na taarifa zao hadi matokeo hayo yakapatikana. Mara nyingi ninachokabidhi mwishoni ni karatasi moja, nyuma na mbele. Leo nitapitia mfano mmoja hatua kwa hatua. Ni utafiti ambao sikushiriki, lakini matokeo yake yalichapishwa wazi mwaka 2011 na mimi huutumia kila ninapofundisha kazi hii, kwa sababu ndio mgumu kuliko yote ninayoifahamu.

Unaitwa FEAST. Ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule kule Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Walioingizwa walikuwa watoto waliofika na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini, kama miguu kuwa baridi na moyo kwenda mbio, tena wakiwa wanapumua kwa shida au fahamu zimepungua. Swali lilikuwa hili: mtoto wa namna hiyo akipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama ilivyozoeleka katika nchi tajiri, atapona zaidi kuliko akipewa maji kidogo kidogo? Wengi walitarajia jibu la ndiyo. Januari 2011 kamati huru inayofuatilia usalama ilishauri uandikishaji usimamishwe kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa maji mengi walikuwa wanafariki zaidi.

Slaidi kuu ya utafiti kama huu huwa na mstari wa namna hii:

```
RR 1.45 (95% CI 1.13–1.86), P=0.003
```

Mstari huu unasema kwamba hatari ya kufa kwa waliopewa maji mengi ilikuwa mara 1.45 ya wasiopewa, na namba zinazofuata zinaonyesha makadirio hayo yana uhakika kiasi gani. Hauna kosa lolote, lakini ukimsomea mzazi kama ulivyo, atashika 45 peke yake. Nimeshuhudia hivyo mara nyingi. Ukisema "hatari iliongezeka kwa asilimia 45", watu wanasikia kwamba watoto 45 katika kila 100 walikufa. Asilimia ya nyongeza haina maana mpaka mtu ajue inaongezwa juu ya nini. Kwa hiyo mimi huiacha kabisa na kurudi kwenye jedwali la vifo, ambalo kwa kawaida hukaa slaidi mbili tatu kabla.

Jedwali la FEAST lina makundi matatu. Katika siku mbili za kwanza, walifariki watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu, 110 kati ya 1,047 waliopewa haraka maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka. Hapa mwandishi ana uamuzi wa kwanza. Makundi mawili ya kwanza yanakaribiana mno, na mzazi hajali albumini ni nini, hivyo nayaunganisha: vifo 221 kati ya watoto 2,097. Uamuzi wa pili ni kipimo. Nikitumia "kati ya 100", itabidi nikadirie kuwa 11 dhidi ya 7, na msomaji atatoa hesabu na kupata 4, ilhali tofauti halisi ni 3 na ushei. Nikitumia "kati ya 1,000" napata 105 dhidi ya 73, na tofauti ni 32. Namba zikishawekwa kwenye karatasi, lazima zikubali kutolewa na kujumlishwa na mtu mwenye kalamu, kwa sababu yupo atakayefanya hivyo.

Lakini namba siyo mwanzo wa karatasi. Slaidi hufuata mpangilio wa watafiti: usuli, mbinu, sifa za washiriki, matokeo, mipaka. Mzazi ana mpangilio wake. Kwanza anataka kujua kama ni ule utafiti wa mwanawe, kisha mliona nini, kisha hilo lina maana gani kwa mtoto wangu, kisha nifanye nini mtoto mwingine akiugua. Mimi huandika majibu kwa mfuatano huo huo. Rasimu yangu inaanza hivi:

"Ulikuja hospitali na mtoto mwenye homa kali. Mhudumu alifungua bahasha iliyofungwa, na karatasi ya ndani ndiyo iliyoamua kama mtoto atapewa maji mengi ya dripu kwa haraka au maji kidogo kidogo. Watoto wote walipewa matibabu mengine waliyohitaji, kama dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu. Tumeona kwamba watoto waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi. Kati ya watoto 1,000 waliopewa maji hayo, 105 walifariki katika siku mbili za kwanza. Kati ya 1,000 ambao hawakupewa, walifariki 73."

Ile bahasha imewekwa makusudi. Tafsiri ya kamusi ingekuwa "kwa bahati nasibu", na neno hilo mtaani ni kamari. Mzazi akilisoma anaelewa kwamba maisha ya mwanawe yalichezewa. Bahasha ni kitu kilichokuwepo kweli, na wengine waliiona ikifunguliwa. Vivyo hivyo siandiki "matokeo chanya" wala "hasi", maana masikioni mwa wengi hayo ni majibu ya kipimo cha virusi vya ukimwi. Na "maji mengi" lazima yaonekane. Mwanzoni kipimo kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa moja. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 200, yaani theluthi mbili ya chupa ya soda ya mililita 300. Mtoto wa uzito huo huo katika kundi lingine alipata mililita 25 hadi 40 kwa saa, kiasi cha nusu ya kikombe kidogo cha kahawa. Mama akisoma hivyo anaiona tofauti bila kuelezwa tena.

Sasa lile swali la tatu. Utafiti huu haukuwa wa siri kwa aliyekuwa kando ya kitanda. Mama aliiona chupa, akaona jinsi maji yalivyokuwa yakienda. Kama mtoto wake alifariki, kundi lake analijua, na akisoma 105 dhidi ya 73 atajumlisha mwenyewe: maji ndiyo yaliyomuua, na mimi ndiye niliyekubali. Muhtasari wa kitaalamu hauna slaidi ya mtu huyu. Karatasi ya washiriki lazima iwe na aya yake, na aya hiyo ndiyo ninayoiandika upya mara nyingi kuliko nyingine zote. Kwa sasa inasomeka hivi:

"Kama mtoto wako alipewa maji mengi kwa haraka na akafariki, hatuwezi kujua kama ni maji au ni ugonjwa. Hata kati ya watoto 1,000 ambao hawakupewa maji hayo, 73 walifariki kwa sababu walikuwa wagonjwa sana. Kwenye kundi la maji mengi walifariki 32 zaidi ya hao. Hakuna daktari wala kipimo kinachoweza kusema ni watoto gani. Ulipokubali, hakuna aliyekuwa anajua jibu hili. Hukukosea."

Watafiti wengi hunipigia mstari mwekundu chini ya "hukukosea", wakisema hayo siyo matokeo. Nayaacha. Mzazi aliyekubali kwa mdomo usiku, mtoto akiwa taabani, na karatasi ya idhini ikafuata baadaye, amebeba swali hilo tangu siku ile. Pia nayaacha yale 32 palepale. Wapo wanaotaka kusema "tofauti ndogo ilionekana" ili kumpunguzia mzazi uchungu. Atakuja kusikia ukweli redioni au kwa nesi, na hapo ataona alifichwa.

Kwa familia zilizofiwa sipendekezi karatasi itangulie, wala zisikie habari hii kwa mara ya kwanza kwenye baraza la kijiji. Aende mtu wanayemfahamu, nyumbani, akae, asome nao.

Swali la nne ndilo lililonifundisha kupima rasimu kabla haijaenda kwa kamati ya maadili. Siku moja niliwasomea wazazi rasimu ya kwanza. Siulizi "mmeelewa?" maana wote hujibu ndiyo kwa heshima. Nauliza: "Ukirudi nyumbani na jirani akakuuliza ulisikia nini, utamwambiaje?" Mama mmoja akajibu bila kusita: "Nitamwambia mtoto asitundikiwe dripu. Hata akiharisha, asikubali."

Hapo nilijua karatasi yangu ni ya hatari. FEAST haukuwaingiza watoto wanaoharisha na kutapika kwa maradhi ya tumbo, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Mtoto aliyekauka kwa kuharisha amepoteza maji, na maji ndiyo yatakayomwokoa. Kwenye slaidi jambo hili lilikuwa mstari mdogo chini ya "vigezo vya kutoingizwa". Kwenye rasimu yangu nililiweka aya ya mwisho, na tayari wasikilizaji walikuwa wameshahukumu. Nikalipandisha, likaja mara tu baada ya namba:

"Haya hayahusu dripu zote. Mtoto anayeharisha sana bado anahitaji maji, kwa mdomo au kwa dripu. Haya hayahusu damu ya kuongezewa, wala dawa zinazopitishwa kwenye dripu."

Niliporudi na rasimu ya pili kwa kundi lingine, nilisikiliza neno moja tu katika majibu yao: "kwa haraka". Aliyesema "maji mengi kwa haraka, kwa mtoto mwenye homa" alikuwa ameelewa. Aliyesema "dripu" peke yake alinirudisha mezani. Wawili walisema "dripu" peke yake, na kwa sababu yao niliongeza mfano wa chupa ya soda, ambao mwanzoni haukuwemo.

Kulikuwa na swali moja ambalo rasimu haikulijibu: kwa nini maji yalidhuru? Matokeo yalipotoka, sababu haikujulikana, na karatasi ya wakati ule ingepaswa kusema hivyo kwa sentensi moja. Wengi walidhani maji yalijaa mapafuni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulielekeza kwingine, kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuanguka. Ningeandika leo, ningesema: "Inaonekana maji ya haraka yaliuelemea moyo na mzunguko wa damu wa watoto ambao tayari walikuwa wamedhoofika." Yule mama aliyetaja kuharisha aliniuliza jambo hilo hilo alipokuwa anaondoka: "Sasa dada, maji si ni uhai? Yalimfanyaje?" Nilimjibu kwa sentensi hiyo. Akanyamaza kidogo, akaniomba niirudie polepole, akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili na kuifunga kwenye pindo la kanga.