Kutoka namba za sensa hadi hoja: asilimia na mwelekeo katika insha ya Historia

Takwimu ghafi ni namba kama zilivyotoka kwa aliyehesabu: watu waliokutwa katika mkoa usiku wa sensa, au tani za katani zilizopakiwa melini mwaka fulani. Asilimia ni namba hiyo ikiwa imelinganishwa na nyingine, na mwelekeo ni asilimia kadhaa za aina moja zikiwa zimepangwa kwa kufuata miaka. Katika insha ya Historia namba ghafi peke yake huthibitisha jambo dogo sana, kwa sababu karibu kila idadi ya watu katika Afrika Mashariki ya nusu ya pili ya karne ya 20 ilikuwa inapanda, na jambo linalotokea kila mahali haliwezi kueleza kilichotokea mahali pamoja.

Tuchukue hoja moja. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania ilitunga sheria na kuendesha kampeni iliyojulikana kama Nguvu Kazi, ambayo watu wasiokuwa na kazi rasmi mijini, hasa Dar es Salaam, walikamatwa na kupelekwa vijijini na mashambani. Mwanafunzi anataka kudai kwamba juhudi za namna hiyo hazikuzuia watu kumiminikia Dar es Salaam. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa huo, na ya 1988 ikahesabu 1,360,850. Wengi huandika namba hizo mbili, huongeza kwamba "idadi iliongezeka sana", kisha huendelea na aya inayofuata. Msomaji makini atauliza: sana kuliko nini?

Hatua ya kwanza ni kutafuta ongezeko kwa asilimia. Unatoa idadi ya mwanzo katika idadi ya mwisho, unagawanya jibu kwa idadi ya mwanzo, kisha unazidisha kwa 100. Ongezeko ni watu 517,760, na ukiligawanya kwa 843,090 unapata asilimia 61 hivi. Kosa la kawaida hapa ni kugawanya kwa idadi ya mwisho, jambo linaloshusha jibu hadi asilimia 38. Asilimia 61 nayo bado haijajibu swali, mpaka uiweke kando ya nchi nzima, iliyotoka watu milioni 17.5 mwaka 1978 na kufikia milioni 23.1 mwaka 1988, yaani ongezeko la asilimia 32. Hapo ndipo hoja inapoanza kupata miguu, kwa kuwa mkoa ulikua karibu mara mbili ya nchi.

Hatua ya pili ni mgao, yaani sehemu ya Watanzania wote waliokuwa wakiishi Dar es Salaam. Mwaka 1978 ilikuwa asilimia 4.8 na mwaka 1988 ikawa 5.9. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi bora kwa hoja ya namna hii, kwa sababu mgao hauathiriki na ukuaji wa jumla wa nchi: kama mkoa ungekua sawasawa na nchi, mgao ungebaki palepale. Unaweza pia kuugeuza kuwa idadi ya watu. Kama Dar es Salaam ingeongezeka kwa asilimia 32 tu, mwaka 1988 ingekuwa na watu kama 1,112,000. Waliohesabiwa walizidi hapo kwa takriban 249,000. Usiandike kwamba wote hao walihamia kutoka vijijini, kwa sababu hesabu hii inachukulia kwamba uzazi na vifo vya mkoa vililingana na vya nchi, na mji wenye vijana wengi hauzai wala haufi kama kijiji. Andika kwamba ziada hiyo ni kubwa mno kuelezwa kirahisi bila uhamiaji.

Hatua ya tatu ni kasi ya ukuaji kwa mwaka, na hapa hoja inakutana na kikwazo. Katika jedwali la kompyuta kasi hiyo hupatikana hivi:

```
=((1360850/843090)^(1/10)-1)*100
```

Namba 10 ni miaka kati ya sensa mbili, na jibu ni asilimia 4.9. Ukifanya hesabu hiyo kwa kipindi cha 1967 hadi 1978, ambapo mkoa ulitoka watu 356,286 na kufikia 843,090 katika miaka 11, unapata asilimia 8.1. Kwa hiyo mgao wa Dar es Salaam ulipanda katika kipindi cha Nguvu Kazi, lakini kasi ya ukuaji wake ilipungua sana. Mwandishi anayetaja mgao tu ameficha nusu ya ushahidi, na anayetaja kasi tu ameficha nusu ya pili. Insha nzuri huandika zote mbili, kwa mfano: "Kati ya 1978 na 1988 mgao wa Dar es Salaam ulipanda kutoka asilimia 4.8 hadi 5.9 ya wakazi wa nchi, ingawa kasi ya ukuaji wake ilishuka kutoka asilimia 8.1 hadi 4.9 kwa mwaka. Mji uliendelea kuvuta watu, ila si kwa nguvu ya awali." Kupungua huko nako hakuwezi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa matunda ya kampeni. Kampeni iliangukia katikati ya vipimo viwili, na sensa haitenganishi miaka iliyoitangulia na iliyoifuata. Muongo huohuo ulikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa na ajira mjini, jambo ambalo lingeweza kuwakatisha tamaa wahamiaji hata bila mgambo.

Umuhimu wa kuhesabu kwa mwaka unaonekana wazi unapoingiza sensa ya 2002, iliyokuta watu karibu milioni 2.49 mkoani humo. Ongezeko la 1988 hadi 2002 ni asilimia 83, na mtu anayeliweka kando ya asilimia 61 za kipindi kilichotangulia ataona ukuaji umeongezeka kasi. Lakini kati ya sensa hizo imepita miaka 14, si 10. Kwa mwaka kasi ilikuwa asilimia 4.4, ikiwa imeshuka tena.

Mipaka nayo huharibu mfululizo bila kelele. Mkoa wa Dar es Salaam uliundwa baada ya sensa ya 1967, na ndiyo maana vitabu vina namba mbili za mwaka huo: 272,821 ya mji, na 356,286 ya eneo la mkoa. Anayeanza na namba ya mji na kumalizia na ya mkoa ya 1978 anapata ongezeko la asilimia 209, wakati eneo lilelile liliongezeka kwa asilimia 137. Dalili ya kosa hili ni kipindi kimoja kuruka mno kuliko vingine; ukikiona, rudi kusoma kichwa cha jedwali kabla ya kutafuta sababu ya kihistoria.

Jambo la mwisho ni mahali pa kukatia mfululizo. Mgao wa Dar es Salaam ulikuwa asilimia 2.9 mwaka 1967, 7.2 mwaka 2002 na 9.7 mwaka 2012, na aliyeishia hapo alikuwa na mstari usiowahi kuinama. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 mkoani kati ya milioni 61.7, yaani asilimia 8.7. Mgao umeshuka kwa pointi moja ya asilimia, ambayo ni karibu sehemu moja ya kumi ya mgao wenyewe, ingawa idadi ghafi ya wakazi imepanda kwa zaidi ya milioni moja.