Lalamiko la bei na lalamiko la mchanga

“Sokoni kila mtu analalamika dagaa ni ghali. Si nikiuza bei ya chini nitapata wateja?”

Bei hulalamikiwa hata na anayenunua kila wiki. Sikiliza lalamiko lenye kazi ya ziada ndani yake. Dagaa wengi wa Ziwa Victoria huanikwa mchangani, na mama atakwambia: “Nawaosha mara tatu, bado mchanga upo.” Biashara iko hapo: dagaa wa kwenye chanja, au waliotolewa vichwa, wakaoshwa na kukaushwa tena.

Usianze na gunia. Safisha kilo 2, kausha vizuri, kisha pima zilizobaki. Vichwa na mchanga vimeondoka na uzito. Gharama yote igawe kwa uzito huo mpya. Wapelekee walewale waliolalamika. Wakisifu bila kutoa pesa, mchanga hauwasumbui kiasi cha kuulipia.