Kurudia namba hakuifanyi picha ihesabu

"Nauza vikasha vya mbao hapa Lamu. Nimeiandikia programu ya AI inayochora picha 'vishikio SITA' mara tatu, picha inaleta vinane. Nirudie zaidi?"

Usijisumbue. Programu ya picha haihesabu kimoja kimoja. Inachora kinachofanana na makasha iliyofunzwa nayo, na neno "sita" huisukuma kidogo tu. Kinachosaidia ni kukipa kila kishikio mahali pake:

"Kijikasha cha mbao, kinatazamwa kwa mbele. Chini kuna droo tatu: kushoto, katikati, kulia. Kila droo ina vishikio viwili vya shaba, kimoja kila upande. Juu ya droo ubao ni laini, na komeo moja katikati."

Sasa sita imekuwa mbili mbili, na kila jozi ina droo yake. Usiandike "bila misumari". Ukiitaja, mara nyingi huchorwa. Ndiyo maana nimesema ubao laini.

Kasha la misumari mia ya nakshi ni jambo jingine, hapo maneno hayatoshi. Lipige picha lenyewe, programu ibadilishe mandhari ya nyuma tu, kisha hesabu tena kwa kidole, maana hata hapo huweza kukichora upya kishikio kimoja.