Kleimu ya gari kwenye apu: kwa nini picha zako zinarudishwa, na ukishatuma uangalie nini

Mi nipo idara ya madai kwenye kampuni ya bima hapa Mtwara, kazi yangu kila siku ni kufungua makaratasi ambayo wateja wameyapiga picha wakayatuma kwa apu au kwa potali. Zamani mtu wa Newala au Masasi alikuwa anapanda gari mpaka mjini na bahasha mkononi, sasa hivi anatuma akiwa amekaa barazani kwake, na hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba karatasi ilipokuja kwa mkono niliigeuza, nikaisogeza kwenye mwanga, nikamuuliza mteja "hapa pameandikwa nini?", tukamaliza palepale. Picha haigeuki. Kama herufi moja haisomeki naandika iletwe upya, na hapo ndo siku zinaanza kwenda.

Nichukue kesi ya mwalimu mmoja wa upande wa Ndanda, ana IST yenye bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari lako mwenyewe. Alikuwa anatoka Mtwara jioni ya Jumamosi, alivyopita Nyangao mbuzi wakakatiza, akakwepa, akagonga kingo ya daraja dogo. Hakuna aliyeumia, bampa ikavunjika, taa ya kushoto ikapasuka, boneti ikajikunja. Alifanya vizuri kwamba trafiki waliitwa, akapiga picha kabla gari halijavutwa, na jioni ileile akatoa taarifa kwetu kwa simu. Jumatatu akaingia kwenye apu akatuma faili tisa. Alhamisi faili tatu kati ya hizo zikarudishwa, na yeye akaja kujua hilo siku kumi na moja baadaye.

Ya kwanza ilikuwa ripoti ya polisi. Aliipiga akiwa amesimama nje saa saba mchana, na jua la huku mnalijua, karatasi nyeupe ikawaka mpaka maandishi ya kalamu yakapauka, halafu kivuli cha mkono na simu kikaangukia kulia chini ambapo ndipo muhuri na saini vilipo. Kwetu ripoti isiyoonyesha muhuri ni kama haijaja. Dawa yake ni ndogo tu, weka karatasi juu ya meza au sakafuni karibu na mlango au dirisha, mwanga uingie kwa ubavu lakini jua lenyewe lisiguse karatasi, zima fleshi, simu iwe sambamba na karatasi kabisa isiinamie upande mmoja, na kona zote nne za karatasi zionekane kwenye picha. Kona nne nazisisitiza kwa sababu zikikatwa sina namna ya kujua kama kuna mstari umebaki nje, na mara nyingi kinachobaki nje ni tarehe au namba ya jalada. Kama karatasi imeandikwa mbele na nyuma, nyuma nako piga.

Ukitumia skana ya simu (kwenye Google Drive ipo, tafuta alama ya kamera au neno Scan) utapata PDF safi na kurasa zote zinakaa kwenye faili moja kwa mpangilio. Ila chunga kitu kimoja, skana nyingi zina chaguo la nyeusi na nyeupe, na watu wanalipenda kwa sababu karatasi inaonekana kali. Chaguo hilo linaweza kuufuta muhuri wa bluu uliofifia, ukaonekana madoa tu au usionekane kabisa. Acha rangi.

Ya pili ilikuwa picha ya namba ya chasisi, na hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo pengine pagumu kuliko pote. Mimi nikifungua kleimu kitu cha kwanza nafanya ni kulinganisha namba hiyo sehemu tatu, kwenye kadi ya gari, kwenye hati ya bima, na kwenye gari lenyewe. Zikifanana naendelea, zikipishana hata herufi moja nasimama. Kwenye IST ya mwalimu kibao kiko ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, ni bati linalong'aa, na yeye alipiga kwa fleshi kutokea mbele moja kwa moja, mwanga ukarudi kwenye lenzi ukatengeneza duara jeupe katikati ya namba. Bati usilipige na fleshi ya simu. Futa vumbi na grisi kwa kitambaa, mwambie mtu akumulike na tochi ya simu nyingine kutoka pembeni kabisa, karibu ilale sambamba na bati, utaona herufi zinasimama zenyewe. Na usivute kwa zumu, zumu ya simu nyingi inakuza ukungu tu, sogea wewe mpaka karibu urefu wa rula ya shule, gusa skrini juu ya namba simu ifokasi, subiri kidogo ndo upige.

Halafu ikague mwenyewe kabla hujaituma. Ifungue kwenye simu, ikuze, jaribu kuinakili namba kwenye daftari kwa kuisoma kwenye picha tu, kisha linganisha na kadi. Ukisita kati ya 8 na B, au 5 na S, au 0 na O, jua na mimi nitasita. Na msishtuke kama namba yenu ni fupi, magari mengi tunayoendesha huku yametengenezwa kwa soko la Japani, namba yake inaanza na herufi za modeli, inafuata alama ya kistari halafu tarakimu, haifiki herufi 17 kama magari ya masoko mengine. Kama fomu ya apu inadai 17, usijazie sifuri ili ikubali, nimeshaona watu wanafanya hivyo na ikaleta mgogoro mkubwa, piga simu tawini tukuingizie.

Ya tatu wala haikuwa kosa lake. Fundi wa gereji alimtumia makadirio ya matengenezo kwa Wasapu kama picha, yeye akaikata skrini shoti akaipandisha kwenye apu. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida Wasapu inaibana ili isile bando, skrini shoti nayo inaishusha tena, kwa hiyo jedwali la vipuri lenye herufi ndogo lilivyonifikia nilisoma jumla tu, bei ya kipuri kimoja kimoja hapana. Mwambie fundi akutumie kama dokumenti, kwenye kile kitufe cha kuambatisha anachagua Document badala ya picha, inakuja kama ilivyo. Na hata picha za ajali zenyewe pandisha zilezile za kamera, zisipite Wasapu kwanza, maana ya kamera inabeba ndani yake saa na tarehe iliyopigwa na hiyo inakusaidia wewe kama kuna atakayeuliza, ikishapita Wasapu kama picha vitu hivyo vinapotea.

Kuhusu picha za gari sina mengi. Piga kutoka kona nne ukiwa umerudi nyuma kiasi kwamba gari lote linaingia na namba ya usajili inasomeka, halafu piga kila palipoumia mara mbili, kwa mbali kidogo ili nijue ni upande gani na kwa karibu ili nione mpasuko. Picha ya bampa peke yake bila gari inaweza kuwa bampa ya gari lolote.

Sasa kutuma. Mtandao ukiwa dhaifu, na njia ya Nyangao mpaka Ndanda kuna sehemu unakatika, piga picha zako zote kwanza, apulodi baadaye ukifika penye mtandao. Mstari wa apulodi ukiganda usibonyeze tena na tena, maana ukifunguka unaweza kukuta umefungua kleimu mbili za ajali moja, na mbili zinachelewesha kwa sababu inabidi tuhakikishe kwanza hudai mara mbili. Toka, ingia kwenye orodha ya madai yako, angalia pameandikwa nini. Ukikuta Draft maana yake faili zimekaa kwako, sisi hatujaona kitu. Wapo wateja wamesubiri wiki mbili kleimu iko Draft, walipandisha kila kitu wakasahau kitufe cha mwisho cha Submit. Ikishakuwa Submitted utapewa namba ya kleimu, iandike mahali au piga skrini shoti.

Majina ya hatua yanatofautiana kidogo apu na apu, ila ile ya kuiogopa ni Pending Documents au maneno ya namna hiyo. Maana yake sisi tumesimama tunakusubiri wewe. Mwalimu hakuiona kwa sababu meseji zilikwenda kwenye laini yake ya zamani ambayo ndo aliandikia wakati anakata bima, na arifa za apu alizizima. Kabla hujatuma kleimu ingia kwenye wasifu wako uhakikishe namba ya simu ni ya sasa, na baada ya kutuma fungua apu mwenyewe kila baada ya siku mbili tatu. Ukiikuta hiyo hatua gusa ndani yake usome sababu, utume ile karatasi inayotakiwa tu kwenye kleimu ileile, usianze mpya. Yeye alivyorudisha zile tatu Jumanne, Jumatano mthamini alikuwa ameshapangiwa gari lake.

Na kiasi kitakachotokea kwenye skrini kinaweza kuwa kidogo kuliko cha gereji. Fundi wake aliandika 1,850,000, mthamini akakubali 1,600,000 kwa sababu kuna kipuri aliona kinatengenezeka hakihitaji kipya, na hati yake ya bima inasema asilimia 10 anabeba mwenyewe, yani 160,000, kwa hiyo hati ya malipo ikaja 1,440,000. Hati hiyo, mara nyingi imeandikwa Discharge Voucher, usiisaini kwa haraka kwenye apu kwa kugusa kidole tu, ukisaini umekubali kwamba hapo ndo mwisho wa dai. Kama hesabu huielewi omba ripoti ya mthamini kwanza. Ukibishana na kampuni yako na hamfiki, kuna TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huko watataka kuona namba ya kleimu, tarehe ulizotuma na majibu uliyopewa, ndo maana nasema tunza skrini shoti za kila hatua.

Mtu akikupigia akasema ni wa bima anataka zile tarakimu zilizoingia kwa meseji ili "aharakishe kleimu", kata simu. Sisi hatuziulizi.

Ikiwa imekaa hatua ileile zaidi ya wiki, andika ujumbe mfupi ndani ya apu kwenye kleimu hiyohiyo ili ubaki na kumbukumbu, kwa mfano: "Kleimu namba fulani, nilituma ripoti ya polisi na makadirio tarehe 14, hatua bado ni Under Review. Naomba kujua kama kuna karatasi inakosekana na mthamini amepangwa lini." Ujumbe wa namna hiyo ukinifikia najua nifungue faili gani na nijibu nini, ule wa "mbona kimya" inabidi nianze kukuuliza kwanza wewe ni nani.