Punguzo la kutodai na barua yake: unapohama kampuni ya bima ya gari Uingereza

Ukiendesha gari Uingereza mwaka mzima wa bima bila kampuni yako kutoa hela kwa ajili yako, unahesabiwa mwaka mmoja wa kutodai. Ukimaliza wa pili, miwili. Miaka hiyo ndiyo inayoshusha ada, na tofauti kati ya dereva asiye na mwaka hata mmoja na mwenye mitano si ya mchezo. Kwenye skrini utalikuta punguzo hili limeandikwa NCD au NCB. Ni kitu kilekile.

Watu wengi wanadhani miaka hiyo ni zawadi ya kampuni, kwamba ukihama umeiacha mlangoni. Sivyo. Ni rekodi yako wewe mwenye bima na unahama nayo. Ila kampuni mpya haitakubali kwa mdomo wako tu, itataka karatasi kutoka kwa ile ya zamani, na karatasi hiyo inaweza kusema jambo ambalo wewe hukulijua. Ndilo lililomkuta shemeji yangu.

Bima yake ilikuwa inaisha katikati ya Machi. Wiki tatu kabla, kampuni yake ilimtumia barua pepe ya kuhuisha bima: pauni 940. Mwaka uliotangulia alilipa 610. Akachemka. Akaingia kwenye tovuti za kulinganisha bei, akajaza fomu, na penye swali la miaka ya kutodai akaandika 4, kwa sababu alikuwa na mitatu na huu ulikuwa wa nne. Akapata bima kubwa kwa pauni 640, akalipa, akanitumia picha ya risiti na vicheko.

Kampuni mpya ikampa siku 14 kutuma uthibitisho. Muda huu hutofautiana, kwingine ni siku 7, kwingine 21 au 28, na huhesabiwa tangu bima ianze au tangu wakuombe, kwa hiyo soma wameandikaje. Wengine hawakuombi kabisa kwa sababu wanaiona rekodi yako kwenye kanzidata ambazo kampuni za bima huchangia. Shemeji aliombwa. Akaifungua tena ile barua pepe ya zamani aliyokuwa ameichungulia bei peke yake, akashuka hadi ukurasa wa pili. Pale penye miaka ya kutodai palikuwa na namba 1.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi wa Juni mama mmoja alirudi nyuma na gari lake kwenye maegesho ya dukani akamgonga shemeji ubavuni. Kosa si lake, hilo hata yule mama hakulibishia. Kampuni ya shemeji ililipa fundi, halafu ikaanza kumfuatilia mwenzake kwenye kampuni ya yule mama arudishe hela. Hadi Machi hela zilikuwa hazijarudi. Na hapo ndipo neno "dai" linapopata maana yake ya kibima, ambayo si ile ya mtaani. Kampuni haiulizi nani alikosea, inauliza kama imerudishiwa hela zake zote. Ikirudishiwa zote, miaka yako inabaki salama. Isiporudishiwa, au ikiwa bado inasubiri, dai linahesabiwa kuwa juu yako, na miaka inashushwa. Kwa kampuni nyingi dai moja hushusha mitano iwe mitatu, minne iwe miwili, na mitatu iwe mmoja. Shemeji alikuwa na mitatu. Ndiyo ile 1, na ndiyo ile 940 aliyoiita tamaa.

Kwa hiyo ukipokea barua ya kuhuisha, tafuta mstari wa miaka kabla ya kuitazama bei. Barua hiyo mara nyingi ndiyo uthibitisho wenyewe; kampuni nyingi mpya huikubali bila kuomba nyingine. Kinachotakiwa kionekane ni jina la kampuni iliyoitoa, jina lako kama mwenye bima, namba ya mkataba, tarehe bima inapoisha au ilipofutwa, na idadi ya miaka. Wengine wanataka na namba ya gari, na madai yaliyotokea. Cheti cha bima hakitoshi, maana hakisemi lolote kuhusu miaka. Picha ya skrini nayo hukataliwa mara kwa mara kwa sababu imekata jina au tarehe. Tuma ile PDF nzima.

Halafu kuna mtego wa kuhesabu. Namba iliyo kwenye barua ya kuhuisha kwa kawaida tayari imeujumlisha mwaka unaomalizika, kwa sharti kwamba hutadai kitu hadi siku ya mwisho. Watu huisoma 4, wakajiambia "na huu wa sasa, tano", wakajaza 5. Fomu inataka miaka utakayokuwa nayo siku bima mpya inapoanza, na barua imekwisha kukuhesabia. Kama huna hakika namba yao inamaanisha nini, piga simu uulize swali moja tu: nikiondoka siku ya mwisho, barua yangu itasema mingapi?

Na usiondoke kabla ya siku hiyo ya mwisho kama una pa kusubiri. Mwaka wa kutodai unahesabiwa ukikamilika. Ukivunja mkataba baada ya miezi kumi kwa ajili ya kufuata bei nafuu, kwa kampuni nyingi ile miezi kumi haihesabiwi kitu, unahama na idadi uliyoanza nayo mwaka huo.

Turudi kwa shemeji. Wazo lake la kwanza lilikuwa kunyamaza, siku 14 zipite. Nilimkatalia kwa nguvu. Kampuni ikikosa uthibitisho inaweza kukuongezea ada kana kwamba huna mwaka wowote, au ikakupa notisi, mara nyingi ya siku 7, na kufuta bima. Kufutiwa bima na kampuni si sawa na kuifuta mwenyewe: tangu hapo kila fomu ya bima itakuuliza kama umewahi kufutiwa, na jibu la ndiyo linapandisha bei au linafunga mlango kabisa. Na ukikamatwa barabarani huna bima, adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana, ile ya kampuni kutokuomba barua halafu ikaja kuichunguza siku unapodai. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu taarifa ambazo mteja anatoa kwa kampuni ya bima inatenganisha uzembe na udanganyifu. Ukidanganya kwa makusudi, wanaweza kuufuta mkataba kana kwamba haujawahi kuwepo. Ukikosea kwa uzembe, na kwa taarifa sahihi wangekubali kukuchukua ila kwa ada kubwa zaidi, wanaruhusiwa kupunguza malipo kwa uwiano wa ada uliyolipa na ile uliyopaswa kulipa. Kwa shemeji, ada yenye mwaka mmoja ingekuwa pauni 855. Alilipa 640, yaani robo tatu. Gari la pauni 6,000 likiharibika kabisa angepewa kama 4,500, na hapo bado hawajakata kile kiasi anachobeba mwenyewe. Aliyegongwa naye angelipwa kama kawaida, maana sheria ya barabara inamlinda. Anayeumia ni mwenye gari.

Tukafanya mambo mawili siku hiyohiyo. Tuliipigia kampuni mpya, tukawaambia ukweli: barua inasema 1, kuna dai moja halijafungwa, kosa si letu. Wakataka nyongeza ya pauni 215, na wakasema kwamba barua mpya ikija wataangalia upya. Akalipa huku akinung'unika. Kisha tukaandika barua pepe kwa kampuni ya zamani, kitengo cha madai na si huduma kwa wateja, tukauliza hela zimerudi kiasi gani na lini watafunga faili. Huduma kwa wateja wanasoma kilicho kwenye skrini, wenye faili ni kitengo cha madai. Ilichukua wiki sita. Walipofunga, tuliomba barua mpya ya uthibitisho, ikaja na 4, na hakuna dai lililohesabiwa juu yake. Kampuni mpya ikarudisha zile 215. Wangekataa, angeandika malalamiko rasmi, na baada ya jibu lao la mwisho au wiki 8 kupita angeweza kulipeleka suala kwa msuluhishi wa huduma za fedha bila gharama.

Lile dai la Juni aliliandika kwenye fomu tangu mwanzo, na hilo lilimwokoa. Fomu inauliza mambo mawili tofauti: miaka ya kutodai, na ajali zilizotokea, mara nyingi kwa miaka 5 iliyopita, hata usizokosea. Anayelipia ulinzi wa punguzo lake ndiye anayeyachanganya zaidi. Ulinzi unazuia miaka isishuke, hauzuii ada isipande, wala haulifuti dai kwenye kumbukumbu. Barua yake inaweza kusema 7 na bado akapaswa kuandika ajali mbili.

Mipaka ya hii rekodi ni michache lakini inauma. Inatumika kwenye gari moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukinunua la pili, mara nyingi lile la pili linaanza na sifuri. Ni ya mwenye bima, si ya dereva wa ziada: mke aliyeendesha miaka kumi kwenye bima ya mumewe anaweza kwenda kufungua yake mwenyewe akakuta hana hata mwaka mmoja. Na ukikaa bila kuitumia inachacha, kwa kampuni nyingi baada ya miaka 2. Anayerudi nyumbani kujenga miaka mitatu akaja tena, mara nyingi anaanza upya.

Na wale wanaofika wakitokea Dar au Mombasa huniuliza kama miaka ya huko inahesabika. Kampuni nyingi hapa zinakataa, zinataka miaka iliyopatikana Uingereza, na zingine huongeza nchi za Ulaya. Chache hukubali. Uliza kabla ya kujaza namba, si baada, na kabla ya kusafiri omba kampuni yako ya huko barua ya Kiingereza yenye nembo, muhuri, tarehe za kila mwaka wa bima na maneno kwamba hapakuwa na dai. Kuifuata ukiwa huku, kwa simu na muda wa ofisi za watu usiolingana na wako, siku 14 huisha upesi.