Viganja vinalowa mpaka daftari linachanika: dawa ya jasho la mikono inapakwaje

Mwaka jana alikuja kliniki yetu ya ngozi binti wa kidato cha nne, ameshika leso kila mkono, na kabla hata sijamuuliza kitu akanionyesha daftari lake la hesabu, kurasa zimekunjamana kama zimenyeshewa, wino umesambaa. Akaniambia dokta mi kila nikiandika naweka kitambaa chini ya mkono, na mtu akitaka kunisalimia kwa mkono najifanya nimebeba vitu. Hali hii ilimuanza akiwa darasa la tano, mikono yote miwili sawasawa, akilala inakauka kabisa, na mama yake naye yuko hivyo hivyo.

Ukisikia maelezo ya namna hiyo ujue hapo ni haipahaidrosisi ya asili, yani mishipa ya fahamu inavichochea vitezi vya jasho kupita kiasi, wala sio uchafu, sio woga. Ila jasho likianza ghafla ukubwani, au likawa la mwili mzima, au unalowesha shuka usiku huku unapungua uzito, hiyo ni habari nyingine, njoo upimwe kwanza maana TB, tezi ya shingo na hata baadhi ya dawa unazotumia zinaweza kuleta hivyo.

Binti alishajaribu deodoranti kibao, na hapa ndo wengi wanapoteza hela. Deodoranti inapambana na harufu tu, jasho linatoka kama kawaida. Inayozuia jasho ni antipaspiranti, ndani yake mna chumvi ya alumini ambayo inaziba mdomo wa kitundu cha jasho. Sasa ngozi ya kiganja ni nene kuliko ya kwapa, kwa hiyo alumini kloraidi ya asilimia 10 mpaka 12 ambayo kwapani ingetosha, kiganjani mara nyingi haigusi kitu, tunapanda mpaka 20, wengine mpaka 30.

Nilimpa ya asilimia 20, akarudi baada ya wiki mbili analia kwamba inaunguza na jasho liko palepale. Nikamuuliza unapakaje, akasema naoga asubuhi napaka naenda shule. Basi kosa likawa hapo! Hii dawa ikikutana na maji inatengeneza asidi, ndo maana inachoma, na jasho la mchana linaisukuma nje kabla haijaingia kwenye kitundu. Inapakwa usiku wakati wa kulala, viganja vikiwa vikavu kabisa, ukiweza vipulize na draya kwa upepo wa baridi, usipake palipochubuka, iache kwa muda wa saa 6 mpaka 8 alafu asubuhi osha. Kila usiku mpaka uone mabadiliko, kisha unapunguza mara moja au mbili kwa wiki. Ikiwasha sana pumzika siku kadhaa, tunaweza kukupa krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1.

Alipopaka vizuri jasho lilipungua lakini daftari bado lilikuwa linalowa, ndo tukaenda kwenye ayontoforesisi. Usiogope jina, ni trei mbili za maji ya bomba, mkono mmoja huku mwingine kule, mashine inapitisha umeme mdogo sana wa miliampea 15 hadi 20 kwa dakika kama 20 au 30. Unasikia mchonyoto tu. Pete na bangili unavua, kidonda unakipaka vaselini, na usitoe mkono ghafla mashine ikiwaka maana utashtuka, shusha umeme kwanza. Mwenye betri ya moyo, mjamzito, mwenye kifafa au chuma mwilini asifanye bila daktari kumruhusu. Inafanyika mara 3 kwa wiki, na wengi wanakata tamaa kwenye ya nne wakati matokeo huanza kuonekana kati ya mara ya 6 na ya 10.

Ikishindikana zipo sindano za botoksi, zinashika miezi kadhaa tu, kiganjani zinauma na vidole vinaweza kulegea kwa muda. Vidonge kama oksibutinini vinakausha mdomo, na kwa joto la Dar mimi navitoa kwa tahadhari kubwa kwa sababu mwili usiotoka jasho unashindwa kujipoza. Operesheni ya kukata mshipa wa fahamu kifuani naiweka mwisho kabisa, maana mikono inakauka kweli lakini jasho linaweza kuhamia mgongoni na tumboni, na hilo halirudishiki.

Binti wetu aliona tofauti mara ya nane. Siku hizi anafanya mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, na alipoacha wiki tatu wakati wa likizo daftari lilianza kulowa tena.