Kwa nini kiwanda kimoja huitwa kidogo hapa na cha kati pale?

"Nina kiwanda cha kukamua alizeti Singida, tuko watu 12. Fomu moja imeniweka kwenye biashara ndogo, nyingine ya kati. Ipi iko sahihi?"

Huenda zote mbili ziko sahihi, kwa sababu kila fomu imetumia kipimo chake. Vipimo vinavyotumika sana ni vitatu: idadi ya watu wanaofanya kazi, mtaji au mali, na mauzo ya mwaka. Kinachozua mkanganyiko ni biashara moja kuangukia daraja hili kwa kipimo kimoja na daraja lile kwa kipimo kingine. Hapo lazima pawe na kanuni ya kusema kipimo kipi kinashinda, na kanuni hiyo haifanani kila mahali.

Kwa Tanzania, madaraja yanayonukuliwa mara nyingi ni ya sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo iliyotolewa mwaka 2003. Biashara ndogo sana ina mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Ndogo ina watu 5 hadi 49 na mtaji wa hadi milioni 200. Ya kati ina watu 50 hadi 99 na mtaji wa hadi milioni 800. Kubwa ina watu 100 au zaidi na mtaji unaovuka milioni 800.

Mtaji unaozungumzwa hapa ni ule uliowekezwa kwenye mashine. Fedha iliyoko benki, shehena iliyoko ghalani na kiwanja vyote haviingii. Halafu sera inaongeza sentensi ambayo wengi wanairuka: biashara ikiangukia madaraja mawili, mtaji ndio unaoamua.

Sasa turudi Singida. Tuseme mashine ya kusafisha mbegu, mashine za kukamua, vichujio na mtambo wa kusafisha mafuta vimegharimu jumla ya shilingi milioni 260. Kwa watu 12, kiwanda ni kidogo, tena kiko mbali na kikomo cha 49. Kwa mashine, kimevuka milioni 200. Mtaji ndio unaoamua, kwa hiyo kwa sera hii ni kiwanda cha kati. Aliyejaza fomu kwa kuhesabu vichwa peke yake amekosea daraja, ingawa idadi aliyoandika ni ya kweli.

Kanuni hiyo ina upande wake wa pili. Mwenye duka la jumla ana wasaidizi wawili na bidhaa za milioni 300 ghalani, lakini mashine yake ni mizani na jokofu tu. Kwa jedwali hilo anabaki biashara ndogo sana, ingawa fedha inayopita mikononi mwake kwa mwaka inaweza kuzidi ya kiwanda kile. Jedwali limekaa kiviwanda, na mfanyabiashara wa kununua na kuuza halimpimi vizuri. Ndiyo maana benki nyingi hujiwekea mipaka yao, zikitazama mauzo ya mwaka au ukubwa wa mkopo unaoombwa.

Kenya imepita njia nyingine. Sheria yake ya biashara ndogo sana na ndogo ya mwaka 2012 imetanguliza mauzo. Ndogo sana ni ile ambayo mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi za Kenya 500,000 na ina watu chini ya 10. Ndogo inaishia kwenye mauzo ya milioni 5 na watu 50. Mali nayo inatazamwa, na viwanda vimewekewa viwango vya juu kuliko huduma na kilimo. Biashara ya kati haimo kabisa katika sheria hiyo. Kwa hiyo karakana ya watu wanane inayouza kwa milioni 6 kwa mwaka ina watu wa biashara ndogo sana, na mauzo yaliyokwisha kuvuka hata ukomo wa biashara ndogo. Mwenye karakana asishangae ofisi mbili zikimpa majibu mawili.

Umoja wa Ulaya ndio uliofunga mianya mingi zaidi, kwa mapendekezo yanayojulikana kama 2003/361/EC, yaliyoanza kutumika Januari 2005. Huko idadi ya watu ni sharti lisilokwepeka: chini ya 10 kwa ndogo sana, chini ya 50 kwa ndogo, chini ya 250 kwa ya kati. Kwenye fedha kuna vikomo viwili, mauzo ya mwaka na jumla ya mizania, yaani thamani ya mali zote vitabuni, na kampuni inatakiwa ibaki ndani ya kimojawapo tu. Ndogo sana ina euro milioni 2 kwa vyote viwili, ndogo milioni 10. Ya kati ina milioni 50 kwa mauzo au 43 kwa mizania. Uchaguzi huo umewekwa kwa makusudi: biashara ya kuuza bidhaa huwa na mauzo makubwa kwa asili yake, na isingekuwa haki kuiita kubwa wakati mali yake ni kidogo.

Namna ya kuhesabu watu nayo imeandikwa. Aliyefanya kazi saa zote kwa mwaka mzima ni 1, wa nusu siku ni nusu, wa msimu anahesabiwa kwa miezi yake. Mwanafunzi wa ufundi aliye kwenye mkataba wa mafunzo hahesabiwi, wala aliye likizo ya uzazi. Mmiliki anayesimamia kazi mwenyewe anahesabiwa. Tuwachukue wale 12 wa Singida, tuseme mmiliki ni mmoja wao, watatu ni wa kudumu na wanane ni vibarua wa miezi minne baada ya mavuno. Vibarua wanane kwa miezi minne ni miezi 32, ukigawa kwa 12 unapata 2.67. Ongeza wanne, jumla ni 6.67. Kwa hesabu ya watu ya Ulaya, kiwanda hicho kingekuwa kwenye daraja la ndogo sana. Jedwali la Tanzania lina safu ya watu tu, halina mgawanyo wa namna hiyo, kwa hiyo ukihesabu siku kiwanda kimejaa unapata jibu moja, na ukihesabu wakati wa kiangazi unapata jingine.

Jambo la mwisho ambalo Ulaya inaliangalia sana ni umiliki. Kampuni kubwa ikiwa na zaidi ya nusu ya kura katika kampuni yako, watu wake wote na mauzo yake yote huongezwa kwenye hesabu zako. Ikiwa na asilimia 30, unaongezewa asilimia 30 ya hesabu zake. Bila hivyo kampuni yenye watu 2,000 ingejikatakata vipande vya watu 40 na kuchota misaada ya wadogo. Na ukivuka kikomo mwaka mmoja hubadilishwi daraja papo hapo, hadi uvuke miaka miwili ya hesabu mfululizo.

Vikomo vya fedha vina udhaifu mmoja ambao vya watu havina: shilingi inapungua thamani, namba zinabaki palepale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, milioni 200 zilikuwa zaidi ya dola 200,000. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni dola 80,000. Mashine ileile, ikinunuliwa mpya leo kwa bei ya shilingi za leo, inaweza kukupandisha daraja bila kukamua hata lita moja zaidi.

Kwa fomu iliyoko mezani, uliza kwanza inatumia jedwali la nani, kisha mashine zithaminiwe kwa bei ya kununulia au kwa thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Mashine za milioni 260 zikishapunguziwa uchakavu wa milioni 70 zinasoma milioni 190 vitabuni, na kiwanda kinarudi kuwa kidogo.